Uchovu unaofika saa tatu baadaye: jibu kwa mhasibu wa Nyakato

*Shikamoo mama. Nina miaka 33. Mwaka jana niliacha ajira nikafungua ofisi ndogo ya uhasibu na ushauri wa kodi hapa Nyakato, Mwanza. Niliambiwa biashara ni kujulikana, kwa hiyo nakwenda kila ninakoitwa: Jumatatu kikao cha harusi, Jumatano chakula cha mchana cha klabu mjini, Alhamisi hafla ya wafanyabiashara, mara nyingi Capri Point, Jumamosi kikoba, na nimo kwenye makundi 11 ya WhatsApp. Nikiwa huko nafurahi, lakini nikirudi sina nguvu kabisa, na mwezi uliopita nilichelewesha ritani ya VAT ya mteja. Nikifikiria kupunguza naona aibu, watasema naringa. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Katika maelezo yako kuna maneno matatu ambayo ningependa tuanze nayo, kwa sababu ndiyo yanayokupotosha: umesema kwamba ukiwa huko unafurahi. Ninakuamini. Tatizo ni kwamba watu wengi huupima uchovu wa aina hii kwa jinsi wanavyojisikia wakiwa ukumbini, na wakati huo uchovu wenyewe bado uko njiani. Mwaka 2017 wanasaikolojia wa Finland walichapisha utafiti ambamo waliwafuatilia watu kwa siku 12, wakiwauliza mara tano kwa siku walikuwa wakifanya nini na walijisikiaje. Waligundua kwamba mtu anapochangamka, akazungumza na kujitokeza mbele za wenzake, moyo wake hukunjuka palepale, lakini kiasi cha saa tatu baadaye huwa amechoka kuliko kawaida. Jambo hilo halikuwapata wapole peke yao. Wale ambao kwa tabia ni wachangamfu walichoka vilevile.

Sasa liweke hilo juu ya Jumatano yako. Chakula cha klabu huanza saa saba mchana, nawe unazungumza, unacheka, unajitambulisha kwa mgeni aliyeletwa na mwanachama, na saa nane na nusu unapanda gari kurudi Nyakato ukiwa mwepesi, ukijiambia kwamba siku bado ni ndefu na kazi itakamilika. Saa kumi unafungua faili la mteja. Hapo ndipo uchovu unapobisha hodi, na haubishi kwa usingizi. Unaisoma risiti ileile ya EFD mara tatu na tarakimu zake hazikai kichwani. Simu ya mteja inaita nawe unaitazama tu mpaka inakatika. Unaandika kodi ya manunuzi mahali pa kodi ya mauzo, unafuta, unaanza upya. Sikuwepo ofisini kwako, lakini ningebashiri kwamba ritani uliyoichelewesha ulikuwa umeipangia jioni ya siku ya aina hiyo, na kwamba hukuona uhusiano wowote kati ya chakula kizuri cha mchana na kosa la jioni, kwa kuwa saa kadhaa zilikuwa zimepita katikati.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kubadili unachokihesabu. Shughuli haihesabiwi kwa muda ulioandikwa kwenye kadi ya mwaliko. Huanza pale unapofunga ofisi kwenda huko, na huisha pale akili yako inaporudi kuweza kufanya kazi ya tarakimu. Kikao cha harusi kinaitwa cha saa kumi na mbili jioni, kinaanza saa moja na nusu baada ya mwenyekiti kuwapigia simu wanakamati wanaosema wako njiani, nawe unaingia nyumbani saa nne usiku: saa nne zimekwenda. Chakula cha klabu, pamoja na kushuka mjini na kupanda tena kupitia Mabatini na Buzuruga, ni saa tatu. Hafla ya Alhamisi, ukitoka Nyakato saa kumi na moja jioni na kurudi saa nne usiku, ni saa tano. Kikoba ni saa tatu. Jumla ni saa 15 kwa wiki, karibu siku mbili za kazi, na bado sijayagusa makundi ya WhatsApp wala asubuhi ya Ijumaa, ambayo nina hakika huifanyii kazi nzito hata kama umekaa mezani.

Hatua inayofuata ni kuchagua, na hapa nitakuomba ukitoe kikoba kwenye hesabu kabisa. Kikoba ni mahali unapoweka akiba na kukopa. Watu unaokutana nao huko ni faida ya ziada, na ukianza kukipima kwa idadi ya wateja kinaowaleta utakiharibu. Vilevile sitaki uweke misiba na kuwaona wagonjwa katika orodha ya mambo ya kupunguza. Wapo washauri wanaosema kila kitu kinachokula muda wako kipimwe kwa mizani moja. Mimi sikubaliani nao, hasa kwa mtu anayeishi na kufanya kazi katika mji kama wetu, ambako jirani aliyekuzikia ndiye anayekumbukwa. Tunachokichambua ni zile shughuli ambazo wewe mwenyewe unakiri kwamba unakwenda ili ujulikane: harusi, klabu na hafla. Hizo tatu zinachukua saa 12 kwa wiki, yaani 48 kwa wiki nne.

Ili kuchagua vizuri, ni lazima ujue kazi inapita kwa watu gani. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti kuhusu watu waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu wanayemfahamu. Aliwauliza walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi wakati ule. Takriban mmoja tu kati ya sita alisema walikuwa wakionana mara kwa mara. Zaidi ya nusu walisema waliwaona mara mojamoja, na zaidi ya robo walisema ni kwa nadra sana. Sababu yake si ngumu kuielewa. Rafiki yako wa karibu anajua yaleyale unayoyajua, kwa kuwa mnakaa pamoja na mnasikia habari zilezile. Mtu unayeonana naye mara mojamoja anatoka kwenye mzunguko mwingine, na huko ndiko kuna mwenye duka la vipuri Igoma ambaye mhasibu wake amehama na hajapata mwingine.

Utafiti ule ulihusu ajira, nao haukufanyika Mwanza, lakini una fundisho kwa mhasibu anayetafuta wateja: huhitaji kuonana na watu walewale kila wiki ili wakukumbuke. Unahitaji waonane nawe kiasi cha kutosha kukuamini, kisha uwe unatokea tena kila baada ya muda fulani. Kwa hiyo klabu ya Jumatano ibaki, kwa sababu ni watu walewale, wa kazi mbalimbali, mahali palepale, na mhasibu huaminiwa kwa kuonekana zaidi ya mara moja. Lakini uende mara mbili kwa mwezi badala ya nne. Kama kanuni za klabu zinadai mahudhurio ya kila wiki, muulize katibu kabla ya kujitetea moyoni. Klabu nyingi zina utaratibu wa ruhusa ambao wanachama hawautumii kwa sababu hawakuwahi kuuliza.

Hafla ya Alhamisi ipunguzwe hadi moja kwa mwezi. Kazi yake ni kukukutanisha na watu wapya, na kazi hiyo haifanyi vizuri kama inavyodhaniwa. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani walichapisha utafiti ambamo waliwafunga wageni wa hafla ya wafanyabiashara vifaa vidogo vya kielektroniki vilivyoonyesha nani alizungumza na nani. Wageni walikuwa wamesema kabla kwamba wamekuja kukutana na watu wapya. Vifaa vilionyesha kwamba waliwaendea zaidi wale waliokwisha kuwafahamu. Nadhani hata wewe ukitazama picha za hafla yako ya mwisho utajikuta umesimama na walewale wa wiki iliyotangulia.

Harusi ni jambo la kufikiri zaidi, na hapa nina maoni ambayo pengine hukuyatarajia. Kwa mhasibu, kamati ya harusi ni mahali pazuri kuliko hafla yoyote ya hotelini, kwa sharti kwamba unashika daftari la fedha. Watu thelathini wanakuona kila wiki ukisoma ahadi, ukitaja zilizolipwa na zilizobaki, ukilinganisha makusanyo na bajeti ya ukumbi na chakula, bila kutetereka na bila shilingi kupotea. Hakuna kadi ya biashara inayoweza kusema hivyo. Lakini ukiwa mjumbe wa kawaida, unayekaa nyuma ukinywa soda huku wengine wakibishana kuhusu rangi ya mapambo, unatoa saa nne na kinachoonekana ni kwamba ulikuwepo. Kwa hiyo imalize hii uliyonayo, kisha upokee kamati moja tu katika kila miezi sita, na uipokee pale utakapopewa kazi ya mweka hazina. Nyingine zote toa mchango wako mapema na uhudhurie siku ya sherehe.

Badala ya saa zilizopungua, ongeza kitu kimoja kidogo: chai ya watu wawili. Mara mbili kwa mwezi mwalike mtu mmoja ofisini kwako au kwenye mgahawa wa jirani kwa saa moja, mtu uliyekutana naye klabuni au kwenye hafla, mzungumze kazi yake. Mazungumzo ya watu wawili hayadai uigize uchangamfu mbele ya kadamnasi, na kwa wengi hayachoshi sana kwa sababu huhitaji kuruka kutoka mtu hadi mtu ukianza kujitambulisha upya. Jumla yako mpya, ukiacha kikoba na ile harusi inayomalizika, ni saa sita za klabu, tano za hafla na mbili za chai: saa 13 kwa mwezi mahali pa 48.

Kuhusu makundi 11 ya WhatsApp sitasema mengi. Yanyamazishe yote isipokuwa la familia na la kikoba, uyafungue mara moja kwa siku baada ya chakula cha mchana kwa dakika ishirini, na usitoke katika kundi lolote. Ukitoka, wasimamizi wa kundi hujulishwa, na hilo huleta maswali. Kunyamazisha hakuonekani na mtu.

Naijua hafla ya aina unayoieleza kwa sababu nami niliwahi kuishi kwayo. Nilipoanza kazi hii ya ushauri, kulikuwa na kipindi nilichokuwa nikienda kwenye hafla mbili au tatu kila wiki, na jioni moja nilirudi nyumbani na kadi 43, nikazifunga kwa mpira na kuzitia kwenye mkoba. Majuma kadhaa baadaye nilizikuta humo, mpira umekauka na kugandana na kadi ya juu. Nyuma ya kadi moja nilikuwa nimeandika kwa mwandiko wangu neno moja, "samaki". Mpaka leo sijui nilimaanisha nini, kama mtu yule alikuwa muuzaji wa samaki, au tuliagana nimtumie habari ya mtu wa soko la samaki la Mwaloni, au ndicho chakula kilichokuwa mezani. Sikumwandikia hata mmoja wa wale 43. Kazi ya kuwafuata watu huhitaji nguvu ileile iliyoisha katika kuwapata, na nguvu hiyo nilikuwa nimeimaliza yote ukumbini.

Ndiyo maana siku hizi nikienda kwenye hafla nakwenda na kiwango. Nafika mapema, wakati watu bado ni wachache na ni rahisi kumsogelea aliyesimama peke yake. Natafuta watu wawili nisiowajua. Ninapopata mazungumzo mawili ya kweli, kazi yangu imekwisha, hata kama chakula hakijaletwa. Nakaa dakika tisini kwa kawaida. Kabla ya kuwasha gari naandika kwenye simu mstari mmoja kwa kila mtu, wenye jina, kazi yake na kitu nilichoahidi, kisha sigusi tena mpaka asubuhi ya siku ya pili yake, saa nne, ambapo natuma jumbe mbili na si zaidi. Usiandike ujumbe usiku uleule ukiwa kitandani. Saa ile ndiyo ile ya uchovu, na ujumbe unaoandikwa na mtu aliyechoka huwa mrefu, una shukrani nyingi na hauna jambo.

Tuje kwenye kalenda, kwa sababu wewe una bahati ambayo wateja wangu wengi hawana: kazi yako ina tarehe zinazojulikana. Kodi ya mishahara ya wafanyakazi wa wateja wako inatakiwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na ritani ya VAT ifikapo tarehe 20. Kuna awamu nne za kodi ya makadirio, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa wateja ambao mwaka wao wa hesabu ni wa kalenda, na mwisho wa Juni kuna ritani za mwaka. Wengi hupanga shughuli kwanza kisha hujaribu kuipenyeza kazi katikati. Wewe fanya kinyume. Chukua kalamu nyekundu uzifunge siku za tarehe 1 hadi 7 na za 14 hadi 20 kila mwezi, pamoja na juma la mwisho la ile miezi minne. Siku zilizofungwa hazina hafla wala klabu, na mtu akikualika huhitaji kumweleza lolote zaidi ya kwamba tarehe hizo una ritani. Hakuna mfanyabiashara wa Mwanza asiyelielewa neno hilo.

Chukua mfano wa mwezi unaoanza Jumatano na usio wa awamu ya makadirio, kama Oktoba ya 2025. Jumatano zake ni tarehe 1, 8, 15, 22 na 29. Ya 1 na ya 15 zimefungwa, kwa hiyo unakwenda klabuni tarehe 8 na tarehe 22, na ya 29 unaiacha hata kama iko wazi, kwa sababu Alhamisi tarehe 30 umeipa hafla, na siku mbili za watu zikifuatana ya pili unaiingia ukiwa tayari na deni la uchovu. Chai ya kwanza inakaa Ijumaa tarehe 10 na ya pili Jumatatu tarehe 27. Miezi mingine kalenda haitakaa vizuri hivi. Ikikuruhusu klabu mara moja tu, nenda mara hiyo moja na usiifidie mwezi unaofuata.

Ndani ya siku yenyewe kuna marekebisho mawili. Siku ya klabu, kazi ya tarakimu ifanyike asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa sita, na baada ya kurudi usifungue ritani ya mtu yeyote. Panga risiti kwa tarehe, chapisha, weka mafaili, mpigie mteja anayedaiwa nyaraka. Ni kazi halali na ina mwisho wake, lakini kosa ndani yake halina faini. Asubuhi inayofuata hafla ya usiku iwe hivyohivyo mpaka saa nne. Ijumaa tarehe 31 ya mfano wetu, kwa hiyo, isipokee mteja mpya saa mbili asubuhi, hata akisema ana haraka. Mpe saa tano.

Sasa lile la kuonekana unaringa. Watu wa kwetu hawamhukumu mtu kwa kupunguza. Wanamhukumu kwa kupotea. Mjumbe aliyekuwa akija kila Jumatatu akiacha kuja kimya kimya, kila mtu atajaza nafasi ile kwa tafsiri yake: huyu atasema ameishiwa hivyo anaukimbia mchango, yule atasema amekasirishwa na jambo fulani, na wa tatu ndiye atakayesema amepata hela sasa anatuona wadogo. Tafsiri hizo zote huondolewa na ujumbe mmoja wenye vitu vitatu: mpaka lini, ahadi yako imefikia wapi, na nani atashika kilichokuwa mikononi mwako. Mwandikie mwenyekiti yeye binafsi kabla ya kulitangaza kwenye kundi, kwa maneno kama haya:

"Shikamoo mwenyekiti. Kuanzia wiki ijayo hadi tarehe 20 mwezi ujao sitahudhuria vikao kwa sababu ya ritani za wateja. Ahadi yangu nimeikamilisha leo. Orodha ya wageni wa upande wetu nimemkabidhi katibu. Tarehe 23 nitakuwepo. Nawatakia kikao chema."

Utaona kwamba ujumbe huo hauombi radhi popote. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Aibu unayoisikia ina sehemu mbili, nazo ni vizuri kuzitenganisha kwenye karatasi. Upande mmoja andika ulichomwahidi mtu ambacho bado hujakifanya: namba ya fundi uliyosema utamtumia, hesabu za kikundi ulizosema utazipitia bure. Hayo ni madeni, na dawa ya deni ni kulilipa kabla ya kupumzika au kusema wazi kwamba hutaliweza. Upande wa pili utabaki na mambo kama "wamezoea kuniona" na "wengine wanakwenda". Hayo hukumwahidi mtu. Wateja wangu wanapolifanya zoezi hili, upande wa madeni mara nyingi hauzidi mambo manne, na yakishalipwa aibu hupungua bila kuhubiriwa.

Kuhusu hofu kwamba uhusiano utakufa ukiuacha miezi miwili au mitatu, kuna utafiti wa mwaka 2011 ambao ningependa uujue. Watafiti wa Marekani waliwaomba mameneja zaidi ya mia mbili wawarudie watu waliowahi kuwa nao karibu kikazi lakini wakawa hawajawasiliana kwa miaka, wawaombe ushauri juu ya kazi waliyokuwa nayo mkononi wakati ule. Ushauri walioupata ulikuwa na manufaa, na mara nyingi ulikuwa na mapya kuliko waliyoyasikia kwa watu wanaowaona kila siku. Watu wale walikuwa wameendelea kujifunza mambo mengine upande wao, na imani waliyojengeana zamani ilikuwa bado ipo. Tahadhari ni kwamba inarudi imani iliyokuwepo. Mtu uliyebadilishana naye kadi mara moja ukumbini hana cha kukukumbuka nacho, na huyo ukimwacha miezi mitatu amekwenda.

Mpango huu una mahali unapoweza kukosea, na kuna namna ya kujua mapema. Weka daftari ambalo kila mteja mpya anayeulizia unaandika tarehe na nani alimwelekeza kwako. Usiliangalie kila wiki. Hesabu ya ofisi changa hupanda na kushuka bila sababu, na miezi mitatu ndiyo muda mfupi kabisa wa kuihukumu klabu au hafla. Ukiona baada ya miezi hiyo kwamba wanaoulizia wamepungua, na waliokuwa wakija walielekezwa na watu wa hafla, ongeza hafla moja. Ukiona wanaoelekezwa wanatoka kwa wateja ulionao, ambao wanaridhika kwa kuwa ritani zao hazichelewi, utajua saa 35 ulizozirudisha ofisini zimekwenda wapi.

Kosa la pili ni mapumziko kugeuka kujificha. Dalili yake ni tarehe. Kama tarehe uliyoahidi kurudi imefika nawe unaandika udhuru wa pili, tatizo si wingi wa shughuli; huenda ni shughuli yenyewe huipendi, au kuna mtu pale hutaki kuonana naye, na hapo ni bora kujitoa rasmi kuliko kuahirisha tena.

Na la mwisho ni la mwili. Kama umefunga siku hizo, umelala vya kutosha kwa majuma mawili, na bado unaamka umechoka, basi usiulaumu mkutano wowote. Nenda ukapimwe damu, na umweleze daktari kama uliwahi kuoga au kuchezea maji ya ziwa, kwa sababu ukanda wetu una malaria, una upungufu wa damu na una kichocho, na vyote hivyo vinaweza kumchosha mtu kwa miezi huku akidhani ni kazi. Kapime katika siku zako zilizo wazi, kati ya tarehe 8 na 13, kabla hujaandika jina la klabu wala la hafla kwenye kalenda ya mwezi ujao.